Swali la mlangoni: kiazi mbatata ni mzizi?

Ukimaliza somo la sehemu za mmea kwa kuuliza "Taja sehemu nne za mmea", karibu darasa zima litapata. Majina hayo wameyaimba tangu chekechea. Mimi hapa Kisumu, dakika tano kabla ya kengele, humpa kila mwanafunzi wa gredi ya nne robo ya ukurasa ajibu swali moja, anikabidhi mlangoni akitoka:

Kiazi mbatata ni mzizi, shina, tunda au mbegu? Umejuaje?

Kila jibu lisilo sahihi nimeliweka makusudi. Anayeandika "mbegu" ameona viazi vikipandwa shambani. Wa "tunda" anaamini kila kinachozaliwa na mmea na kuliwa ni tunda. Wa "mzizi", ambao huwa wengi, ataandika "kwa sababu kiko chini ya udongo". Huyo anaitambua sehemu ya mmea kwa mahali ilipo, na dhana hiyo itamsumbua kwenye tangawizi na kitunguu pia.

Kwa hiyo vikaratasi navipanga kwa sababu zilizotolewa, si kwa tiki na mkasi. "Shina, kwa sababu mwalimu alisema" huenda kwenye fungu la wasioelewa bado. Sababu naipokea kwa Kiingereza, Kiswahili au Dholuo, hata kwa mchoro. Nikilazimisha Kiingereza, nitakuwa napima Kiingereza.

Kesho yake naleta kiazi mbatata na kiazi kitamu, vyote vimeanza kuchipua. Hapa kuna mtego kwa mwalimu: ukisema "kinachipua, basi ni shina", watoto watakuonyesha kiazi kitamu nacho kinachipua, na hicho ni mzizi. Ushahidi uko kwenye macho. Kwenye mbatata, macho yamejipanga kwa kuzunguka kiazi na husongamana upande mmoja. Kila jicho lina vitumba, na kando yake kuna alama iliyopinda kama nyusi, palipokuwa na jani dogo mno. Vitumba vilivyopangika pamoja na alama za majani ni dalili ya shina. Kiazi kitamu hakina macho ya namna hiyo. Machipukizi yake hutokea bila mpangilio huo, mengi upande uliokuwa umeshikana na mmea, na vijizizi vyembamba humea juu ya ngozi yake. Watoto wa hapa wanajua kwamba viazi vitamu hupandwa kwa marando. Waulize kwa nini mbatata hukatwa vipande, na kwa nini kila kipande lazima kibaki na jicho.

Baada ya hapo swali la mlangoni hubadilika: Tangawizi ni mzizi au shina? Chora kilichokuonyesha. Atakayechora pete zinazoizunguka na vitumba vilivyopo hapo ameelewa. Atakayechora udongo, nitakaa naye tena na kile kiazi mkononi.