Mkulima mmoja, malalamiko matatu: kuhesabu majibu ya maswali ya wazi kwa Excel

"Salfa ilikuja maua yameshatoka, halafu hela za mnada wa pili nilikaa wiki nne sijaziona, na makato ndiyo usiseme."

Jibu la namna hii hulikuta kila anayewauliza wakulima wa korosho wa Newala au Tandahimba swali la wazi: "Msimu uliopita ulikutana na tatizo gani?" Limetoka kwa mtu mmoja, lakini ndani yake mna matatizo matatu: pembejeo kuchelewa, malipo kuchelewa na makato. Maofisa ugani, wanafunzi na wahudumu wa mashirika wanaotuletea mafaili yao tuwasaidie takwimu hukwama hapahapa. Kila jibu wamelitengea kolamu moja na kundi moja, basi wanachagua tatizo lililotajwa kwanza na mengine mawili wanayaacha. Ripoti ikitoka, makato yanaonekana hayamuumizi mtu, kwa sababu tu watu huyataja mwishoni.

Tuchukue mfano wa hojaji 60 kutoka wilaya hizo mbili. Namba nimezitengeneza kwa ajili ya somo, si matokeo ya utafiti wowote. Kolamu A ina namba ya hojaji, B ina wilaya, na C ina jibu kama mkulima alivyolisema. Kolamu C usiiguse tena baada ya kuiandika, usirekebishe hata Kiswahili chake. Wiki mbili baadaye utahitaji kurudi kwenye maneno yenyewe, na ukishayafupisha huwezi kuyapata.

Kabla ya kuunda kundi lolote, soma. Kwa majibu 60 yasome yote. Yakiwa mamia, chukua 40 au 50 kutoka vijiji mbalimbali, usichukue tu yale ya juu ya faili, maana hayo mara nyingi ni ya kijiji kimoja na mhoji mmoja. Andika pembeni mambo yanayojirudia. Makundi yatoke kwenye midomo ya wakulima. Niliwahi kupokea faili ambalo makundi yake yalipangwa mezani kabla ya watu kwenda kijijini. Kundi la "ukosefu wa elimu" lilikuwapo na halikupata jibu hata moja, huku robo ya majibu ikiwa imerundikwa kwenye "Mengineyo". "Mengineyo" likifika asilimia 10 au zaidi ya majibu, lifungue na ulisome upya, kwa kuwa mara nyingi ndani yake kuna kundi zima lililokosa jina.

Kwa mfano wetu tumepata makundi sita ya matatizo: pembejeo kuchelewa au kukosekana, malipo kuchelewa, bei ndogo, maradhi na wadudu, makato, na mengineyo. Tunaongeza mawili yasiyo matatizo: "hakuna tatizo" na "hakujibu". Haya mawili usiyachanganye kamwe. Aliyesema msimu ulimwendea vizuri amejibu. Aliyeachwa bila kuulizwa hakujibu.

Jina la kundi peke yake halitoshi, liandikie kanuni: kipi kinaingia, kipi hakiingii, na mfano mmoja wa jibu. Kazi ngumu iko hapa. Chukua jibu hili: "Nilikosa hela ya palizi nikauza kangomba." Je, tatizo ni kangomba au ni kukosa fedha? Mtu mwenye haraka ataona neno kangomba na kuandika bei ndogo, kwa sababu anayeuza nje ya chama cha msingi hupunjwa. Lakini mkulima huyu hakulalamikia bei. Kilichomsukuma ni kukosa fedha za kuhudumia shamba, na kuuza kangomba ni matokeo yake. Kanuni tuliyojiwekea ni kuandika kile mhojiwa alichokitaja kuwa tatizo, wala si kile tunachokijua sisi kuhusu soko la korosho. Kwa hiyo jibu lake linakwenda "Mengineyo", na wakitokea wengine watano wa namna hiyo, "kukosa fedha za kuhudumia shamba" litapewa kolamu yake. Hali kadhalika anayesema "ubwiriunga uliniharibia maua" anaingia maradhi na wadudu. Akisema "ubwiriunga uliniharibia kwa sababu salfa ilichelewa," ametaja mawili, na yote mawili yanahesabiwa.

Sasa mpangilio wa faili. Kila kundi lipewe kolamu yake: D pembejeo, E malipo, F bei, G maradhi na wadudu, H makato, I mengineyo, J hakuna tatizo, K hakujibu. Katika kila mstari andika 1 pale mkulima alipolitaja jambo, na 0 pale asipolitaja. Mkulima wetu wa mwanzo atapata 1 kwenye D, E na H, na 0 kwingineko. Usiache seli tupu, kwa sababu hutajua kama hakulitaja au ulisahau kumwandikia.

Faida nyingine ya 1 na 0 ni kukuepusha na makosa ya kuchapa. Ukiandika majina, "Makato" yenye nafasi iliyofichika mwishoni itahesabiwa kama kundi jingine kabisa, iwe kwa COUNTIF au kwa PivotTable, na kwa macho hutaona tofauti. Zaidi ya hapo, chagua D2 hadi K61, ingia Data, kisha Data Validation, chagua Whole number, na uweke kuanzia 0 hadi 1. Atakayechapa 11 kwa bahati mbaya, Excel itamkatalia.

Kwenye seli L2 weka mlinzi huyu, kisha umburute hadi mstari wa 61:

```
=IF(OR(SUM(D2:K2)=0,AND(SUM(J2:K2)>0,SUM(D2:K2)>1)),"KAGUA","")
```

Neno KAGUA litatokea kwenye mstari ambao hukuupa kundi lolote, au ule unaojipinga, kwa mfano mtu aliyewekwa "hakuna tatizo" na papo hapo "makato". Kompyuta yako ikikataa fomula, jaribu nukta mkato mahali pa mkato. Hutegemea mipangilio ya nchi iliyowekwa kwenye mashine.

Wengi huniuliza kwa nini wasiiachie Excel itafute neno lenyewe kwenye majibu, hivi:

```
=COUNTIF(C2:C61,"*salfa*")
```

Fomula hiyo inafanya kazi, ila inahesabu neno, haihesabu maana. Itamhesabu aliyesema "salfa safari hii iliwahi, nashukuru," na itamwacha aliyesema "dawa ya kupulizia ilitukuta maua yameshatoka." Itumie kutafuta mistari ya kusoma tena. Usiitumie kutoa namba ya ripoti.

Kabla ya kuhesabu, mpe mwenzako majibu 15 na kanuni zako, ayapange bila kuona ulivyopanga wewe. Mkilinganisha, angalieni kila kundi peke yake. Tuseme kwenye makato nyote mmeandika 0 mara 11, nyote mmeandika 1 mara moja, na mmetofautiana mara tatu. Mmekubaliana mara 12 kati ya 15, yaani asilimia 80, na wengi wangeridhika. Lakini majibu ambayo angalau mmoja wenu aliona makato ni manne, na mmekubaliana kwenye moja tu. Zile sifuri nyingi zimeficha kwamba kanuni ya makato haieleweki. Huenda mmoja wenu anahesabu ushuru kama makato na mwingine anauhesabu kama bei ndogo. Andikeni upya kanuni, kisha mrudie majibu yote ya kundi hilo.

Kuhesabu kwenyewe ni kwepesi. Mstari wa 62 uache wazi, kisha D63 andika marudio na D64 asilimia, D64 uipe umbo la Percentage, halafu buruta zote mbili hadi J:

```
=SUM(D2:D61)
=D63/COUNTIF($K$2:$K$61,0)
```

Fomula ya pili inagawanya kwa wakulima waliojibu, yaani wale wenye 0 kwenye "hakujibu". Katika mfano wetu sita hawakujibu, wamebaki 54. Pembejeo imetajwa na 27, malipo 18, bei 16, maradhi na wadudu 15, makato 9, mengineyo 5. Watano walisema hawakuwa na tatizo. Ukijumlisha matatizo yaliyotajwa unapata 90, ilhali waliojibu ni 54.

Hapo ndipo ripoti nyingi huharibika. Pembejeo ni asilimia ngapi? Ukigawanya 27 kwa 90 unapata 30. Ukigawanya kwa 54 unapata 50. Ukigawanya kwa 60, wakiwemo wasiojibu, unapata 45. Hesabu zote tatu ni sahihi, ila kila moja inajibu swali lake. Mkuu wa idara akisoma "asilimia 30" ataelewa kuwa wakulima watatu kati ya kumi walilalamikia pembejeo, kumbe ni nusu yao. Katika ripoti inayozungumzia watu, gawanya kwa watu. Asilimia za makundi zitazidi 100 zikijumlishwa, na hilo si kosa. Andika tu chini ya jedwali kwamba mhojiwa aliweza kutaja zaidi ya jambo moja. Kwa sababu hiyohiyo usitumie chati ya duara, ambayo vipande vyake lazima vifanye kitu kizima kimoja. Chora chati ya mihimili iliyolala, iliyopangwa kutoka kubwa kwenda ndogo.

Ukitaka kulinganisha wilaya, Excel inakupa:

```
=COUNTIFS($B$2:$B$61,"Newala",D$2:D$61,1)
=COUNTIFS($B$2:$B$61,"Newala",$K$2:$K$61,0)
```

Ya kwanza ni waliotaja pembejeo Newala, ya pili ni waliojibu Newala. Kama waliojibu ni 24, mtu mmoja ana uzito wa zaidi ya asilimia nne. Tofauti ya asilimia nane kati ya Newala na Tandahimba inaweza kuwa watu wawili tu, kwa hiyo kila asilimia iandike pamoja na idadi yake.

Sentensi ya ripoti basi itakuwa hivi: "Kati ya wakulima 54 waliojibu swali hili, 27 (asilimia 50) walitaja kuchelewa au kukosekana kwa pembejeo, na 9 (asilimia 17) walitaja makato." Tumia neno "walitaja". Usiandike "asilimia 17 wanakabiliwa na makato," kwa sababu swali la wazi hupokea kile kilichomjia mtu kichwani wakati ule. Wale 40 waliotaja matatizo mengine hawakusema makato hayawaumizi, hawakuyataja tu. Ukihitaji kujua ni wangapi yanawaumiza, waulize moja kwa moja katika awamu ijayo, kila mmoja, kwa swali la ndiyo au hapana.