"Ni asilimia 2 tu": dhana potofu kuhusu ada na faida ya uwekezaji

Dhana: Ada ya asilimia 2 kwa mwaka ni pesa ndogo.

Hii nimeisikia mpaka nimechoka. Mteja anasoma "ada ya usimamizi asilimia 2" kwenye waraka wa mfuko wa uwekezaji, ule unaokusanya pesa za watu wengi na kuziwekeza pamoja, anajihesabia kwamba 98 zilizobaki ni zake, anasaini. Jamani, ada hiyo haikatwi kwenye faida, inakatwa kwenye salio lote. Mfuko ukizalisha asilimia 10, wasimamizi wake wamechukua moja ya tano ya faida yako ya mwaka. Ukizalisha asilimia 4, wamechukua nusu. Usipozalisha kitu, wanakata vilevile.

Chukua shilingi milioni 1, iache miaka 20 bila kuigusa, faida ikirudishwa kwenye mtaji kila mwaka. Kwa asilimia 10 inafika kama 6,727,000. Ada ikiishusha hadi asilimia 8, inafika kama 4,661,000. Pengo limepita milioni 2, yaani mara mbili ya pesa uliyoanza nayo.

Wengi hubisha: 20,000 mara miaka 20 si ni 400,000? Hapana. Salio likikua, ada nayo inakua. Ukijumlisha makato yote unapata kama 915,000. Milioni 1 na ushee iliyobaki ni faida ambayo makato hayo yangezaa kama yangebaki kwenye salio lako. Mwaka wa kwanza pengo ni 20,000, mwaka wa tano ni kama 141,000, kwa hiyo hakuna anayeshtuka mapema.

Sisemi ukimbilie mfuko wa ada ya chini kabisa hata kama unaendeshwa ovyo. Ila mifuko miwili inayonunua hatifungani zilezile za serikali, yaani inayoikopesha serikali kwa riba, sioni sababu ya kulipia mmoja mara mbili ya mwingine.

Dhana: Sijaona makato kwenye taarifa yangu, kwa hiyo silipi.

Unalipa. Ada hutolewa ndani ya mfuko kabla bei ya kipande, yaani sehemu moja ya mfuko unayonunua, haijatangazwa, ndiyo maana huoni mstari wake. Soma waraka wa mfuko: tafuta ada ya usimamizi, ya mtunza mali, na ya kutoka. Kisha uliza kama faida wanayoitangaza ni kabla au baada ya ada, usije ukaikata mara mbili kwenye hesabu zako.

Dhana: Asilimia 10 kwa miaka 20 ni asilimia 200.

Hiyo ni faida inayohesabiwa kwenye mtaji wa mwanzo pekee, bila faida kuzaa faida, na milioni 1 ingeishia milioni 3. Linganisha na ile 6,727,000.

Dhana: Hatifungani yangu inajizidisha yenyewe.

Hatifungani ya Hazina yenye kuponi, yaani malipo ya riba, hulipa kila miezi 6, na pesa inaingia akaunti yako ya benki. Ikikaa hapo, au ukiila, mtaji wako uko palepale. Inaanza kuzaa tena siku utakayoiwekeza wewe mwenyewe.