Kuboresha mbuzi wa kienyeji kwa beberu wa nyama: dhana zinazowapotosha wafugaji

Dhana: Kila kizazi kinachopandishwa kwa beberu wa kigeni ni bora kuliko kilichotangulia

Hii ndiyo dhana inayowagharimu wengi, na si ajabu, kwa sababu kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo inaonekana kuwa kweli tupu. Mfugaji ana majike wa kienyeji wa kilo 30 hivi. Anawapandisha kwa beberu wa Boer, mbegu ya nyama ya Afrika Kusini ambayo dume lake likikomaa hupita kilo 100. Chotara wa kwanza wanazaliwa, nusu kwa nusu, wanakua vizuri na kuugua ni mara chache. Majike wao wanarudishwa kwa Boer mwingine, wanapatikana wa robo tatu, nao wanakua upesi zaidi. Mfugaji anajiambia njia ni hiyo hiyo, asonge mbele tu.

Kumbe wale robo tatu wana bahati wasiyoijua: mama. Mbegu mbili zilizo mbali kinasaba zikikutana, kizazi cha kwanza hupata nguvu ya chotara, yaani uhai, uzazi na ulezi vinakuwa bora kuliko wastani wa wazazi wao. Nguvu hiyo ni kamili kwa chotara wa kwanza. Ukimrudisha jike huyo kwa Boer, mtoto anabaki na nusu yake. Ukirudia tena, inabaki robo. Kwa hiyo mwanambuzi wa robo tatu amepungukiwa yeye mwenyewe, lakini amenyonyeshwa na mama mwenye nguvu kamili, mwenye maziwa ya kutosha na asiyetupa watoto wake. Hasara inaanza kuonekana siku yule jike wa robo tatu anapozaa. Sasa mama naye ana nusu tu ya nguvu ya chotara, mwili wake ni mkubwa na unadai malisho mengi, na malisho ni yale yale ya jana.

Dalili ni hizi: jike anachelewa kupata joto baada ya kuzaa, mapacha wanapungua, mmoja wa mapacha anakufa wiki za kwanza kwa maziwa haba, na minyoo wa tumbo wanaofyonza damu wanawapata zaidi hata mbuzi waliokomaa, jambo ambalo kwa wa kienyeji ni nadra. Vuta kope la chini la jike uangalie rangi ya ndani. Ikiwa nyekundu, yuko salama. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imefyonzwa na anahitaji dawa haraka. Kundi ambalo kila msimu wa mvua majike wengi wana kope zilizopauka limevuka kiwango ambacho malisho na matunzo yake yanaweza kubeba.

Dhana: Chotara anayekua haraka ndiye mwenye faida

Kasi ya mtoto mmoja haielezi kazi ya mama. Kipimo ninachokiamini ni kilo alizoachisha kila jike kwa mzao mmoja, watoto wake wote wakijumlishwa, wakipimwa kwa mizani ya kuning'iniza wakiwa na siku 90. Waliokufa wanahesabiwa sifuri.

Tuchukue mfano. Jike wa nusu, uzito wake kilo 40, ameachisha mapacha wa kilo 12 kila mmoja: jumla 24, sawa na asilimia 60 ya uzito wake. Jike wa robo tatu wa kilo 50 naye alizaa mapacha, mmoja akafa, aliyebaki amefika kilo 16: asilimia 32. Ukisimama mlangoni mwa zizi utamsifu yule wa kilo 16. Daftari litakuambia mama yake amekula zaidi na kukuletea kilo 8 pungufu. (Tena aliyebaki peke yake anakua upesi kwa kuwa ananyonya maziwa ya wawili. Usimlinganishe na pacha unapochagua mbegu.)

Dhana: Ugumu wa kienyeji hauondoki, uko kwenye damu

Uko kwenye damu, na ndiyo maana unapungua damu hiyo inapopungua. Unapungua pia hata damu ikibaki pale pale, endapo kila anayedhoofika anaokolewa kwa sindano kisha anaachwa azae. Mtibu, ila muwekee alama. Akirudia mara ya pili katika mwaka, watoto wake wote ni wa kuuza. Mbuzi wa Kiko wa New Zealand walipatikana kwa njia hii ya ukali: mbuzi mwitu walichanganywa na mabeberu wa maziwa, wakaachwa kwenye mazingira magumu, na walioshindwa wakaondolewa kundini.

Dhana: Ukiwa na rangi ya Boer, una damu ya Boer

Kichwa chekundu na mwili mweupe havipimi kitu. Wanambuzi wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana kabisa kwa rangi, na wote ni nusu. Kinachojua damu ni hereni ya sikio na daftari lenye jina la baba.

Dhana: Ili kuhifadhi chotara mzuri inatosha kuwapandisha chotara kwa chotara

Inawezekana, lakini kwa kupandisha nusu kwa nusu watoto hubaki na nusu ya nguvu ya chotara na hutofautiana sana: wengine wanaegemea mbegu ya nyama, wengine ya kienyeji. Bila kundi kubwa na uchaguzi mkali, utaishia na mchanganyiko usiotabirika.

Kwa mfugaji wa kawaida naona njia nyingine ni salama zaidi: majike wa nusu wawe ndio mama, wapandishwe kwa Boer, na watoto wao wa robo tatu wauzwe wote kwa nyama, hata yule jike mrembo. Sharti lake ni kutowamaliza wa kienyeji, maana chotara wa kwanza hazaliwi na chotara.

Hesabu yake kwa majike 30 ni hivi. Wa nusu 18, wa kienyeji 12. Kati ya wale 12, saba wapelekwe kwa Boer na watano kwa beberu bora wa kienyeji. Kila jike akiachisha kwa wastani mtoto mmoja na kidogo kwa mwaka, saba wanakupa majike wa nusu wanne hivi, wa kutosha kubadilisha moja ya tano ya wale 18. Watano wanakupa majike wa kienyeji watatu wa kujaza pengo lao. Usimpandishe kwa Boer mtamba ambaye hajawahi kuzaa. Chagua aliyewahi kuzaa, nyonga zake zimekwisha kupanuka.

Beberu wa Boer naye ana muda wake. Mabinti zake wa nusu wakifika umri wa kupandwa, akibaki zizini atawapanda, na watoto hao watakuwa na kiwango cha undugu cha asilimia 25, chenye kudumaza na kuongeza vifo. Mbadilishe kabla mabinti hao hawajafika umri huo, kwa kubadilishana na mfugaji ambaye beberu wake hana undugu na wako. Wanambuzi dume usiotaka wapande watenge mapema, kuanzia miezi mitatu, kwani wengine huweza kutia mimba wakiwa bado wadogo kiasi cha kukushangaza.