Faili la baiti 0: vipimo huenda wapi umeme ukikatika?

*Je, kwa nini kifaa changu kinaandika joto kwenye kadi ya SD usiku kucha, lakini umeme ukikatika nakuta faili lina baiti 0?*

Mara nyingi vipimo vyenyewe vimo ndani ya kadi. Kinachokosekana ni maelezo ya faili: ukubwa wake na mahali linapoanzia. Maelezo hayo hukaa kwenye saraka, mbali na data, na maktaba ya SD ya Arduino huyaandika pale tu unapoita `flush()` au `close()`. Faili likifunguliwa mara moja na kuachwa wazi hadi umeme ukatike, saraka inabaki na sifuri. Kompyuta husoma saraka, kwa hiyo huona faili tupu.

Yalinipata nilipokuwa nikipima joto la jokofu la chanjo, ambalo linatakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Nilitumia Arduino Uno na kihisi cha DS18B20, mstari mmoja kila dakika. Mstari kama `14:05:00,4.25` pamoja na alama za mwisho wa mstari ni baiti 15. Kadi haipokei baiti moja moja. Hupokea vipande vya baiti 512. Maktaba hukusanya mistari kwenye kumbukumbu ya Uno hadi kipande kijae, yaani takriban mistari 34. Kwa hiyo umeme ukikatika, zaidi ya nusu saa ya vipimo inaweza kufutika kabisa, na vilivyokwisha kufika kwenye kadi havina njia ya kuonekana. Kwenye Windows, `chkdsk` yenye `/f` huweza kuviokota na kuviweka kwenye faili la jina kama `FILE0000.CHK`. Mimi nilipata karibu usiku mzima kwa njia hiyo. Ukikutwa na hali hii, usiandike kitu kipya kwenye kadi kabla ya kujaribu.

Kinga ya kwanza ni fupi:

```cpp
File f = SD.open("20250314.CSV", FILE_WRITE);
if (f) {
  f.println(mstari);
  f.close();
}
```

Kila dakika faili linafunguliwa, linaandikwa na kufungwa. Maktaba huandika data kwanza, saraka mwishoni, kwa hiyo ukubwa unaoonekana hautangulii data iliyopo. Jina lina herufi nane na tatu kwa sababu maktaba hii haikubali majina marefu. Faili jipya kila siku huacha ya jana yakiwa yamefungwa. Mnaohamia ESP32, angalieni hapa: huko `FILE_WRITE` hufuta faili lililopo na kuanza upya, na kuongeza mwishoni huhitaji `FILE_APPEND`. Anayepima mara mia kwa sekunde asifunge kila mara. Aache faili wazi na kuita `flush()` kila sekunde moja.

Kuna hatari ambayo programu pekee haiiondoi. Kadi ikishapokea kipande kupitia SPI, hushusha waya wa MISO na kuuweka chini huku ikiandika ndani. Hiyo ndiyo ishara yake ya kusema "subiri". Kwa kawaida ni milisekunde chache, lakini kadi ya SDHC inaruhusiwa kufika 250. Umeme ukikatika hapo katikati, kipande hicho kinaweza kuharibika, na kwa kuwa ndani ya kadi maeneo hufutwa kwa mafungu makubwa kuliko baiti 512, hata data ya jirani huweza kuguswa. Dalili yake si faili tupu tena: kompyuta inaomba kadi ifomatiwe, au majina ya faili yanageuka herufi za ajabu.

Hapo kifaa kinahitaji muda wa kumaliza kilichoanza. Nilipitisha volti 12 za adapta kwenye dayodi, kisha kapasita, ndipo kwenye Uno. Uno na kadi nilizikadiria miliampia 150. Nilitaka nusu sekunde, na volti 4 za kushuka, kutoka takriban 11 hadi 7 ambazo kidhibiti volti cha Uno bado kinazivumilia:

```
C = I × t / V = 0.15 × 0.5 / 4 = 0.019 F
```

Kapasita mbili za mikrofaradi 10,000, za volti 25, zilizounganishwa sambamba, zilitosha. Upande wa adapta, kabla ya dayodi, niliunganisha rizista za kilo-omu 30 na 10 hadi A0. Volti 12 hufika pale zikiwa 3, na adapta ikizimika thamani huporomoka mapema, wakati kapasita bado inalisha kadi. Programu husoma A0 kabla ya kila `SD.open`. Ikiwa adapta iko chini ya volti 9, haianzi kuandika, na kipimo kinasubiri. Kilichokuwa kimeshaanza kinamalizika kwa nguvu ya kapasita.

Nilijaribu kwa kuchomoa adapta mara hamsini, kila mara nikilenga sekunde ya kuandika, kisha nikafungua faili kwenye kompyuta na kuhesabu mistari.