Manjano Isiyouma

Mbona mtu mwenye saratani ya kongosho anaweza kugeuka manjano macho na ngozi bila kusikia maumivu yoyote? Na kama dalili yenyewe inaonekana hivyo, kwa nini ugonjwa hugunduliwa ukiwa umeshachelewa?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, nalo lilikosea mara mbili. Kwanza niliamini kwamba macho ya manjano ni habari ya ini peke yake. Pili, na hili ndilo baya zaidi, niliamini kwamba manjano inayokuja na maumivu ndiyo ya kuogopwa, na ile isiyouma ni nyepesi, itapita. Kumbe kwa mtu mzima wa umri mkubwa, ile isiyouma ndiyo inayomfanya daktari mzoefu aache utani. Lugha nayo haitusaidii: tukisikia "manjano" wengi tunafikiria homa ya manjano, ambayo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Manjano ninayoizungumzia hapa si ugonjwa, ni dalili tu: rangi iliyokosa njia ya kutokea.

Rangi hiyo inatoka kwenye damu. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kisha huvunjwa, na katika mabaki yake mna kitu cha manjano kiitwacho bilirubini. Ini huikusanya na kuitia ndani ya nyongo, na nyongo husafiri kwa mfereji mwembamba, wenye upana wa milimita 6 hivi, hadi kwenye utumbo. Huko ndiko inakokipa kinyesi rangi yake ya kahawia. Sasa angalia njia yenyewe: kabla ya kufika kwenye utumbo, mfereji huo hupita nyuma ya kichwa cha kongosho, na kwa watu wengi hutumbukia kabisa ndani ya nyama yake. Ini linaweza kuwa zima kabisa, lakini kitu kikiota kwenye kichwa cha kongosho, mfereji wa nyongo ndio unaobanwa.

Tuje kwenye maumivu. Fikiria bomba laini lililofukiwa kando ya mti. Mzizi unanenepa kidogo kidogo na kulibana. Nyumbani maji yanapungua siku hadi siku, na hakuna anayesikia kishindo chochote. Sasa fikiria bomba hilohilo, pampu inasukuma kwa nguvu, halafu kokoto linaingia na kukwama ghafla: bomba zima linatikisika. Kokoto ni kijiwe cha nyongo. Mzizi ni uvimbe. Neva za mfereji wa nyongo hulalamika zinapovutwa kwa ghafla, au misuli inapokazana kusukuma kilichokwama. Zikivutwa polepole kwa wiki kadhaa, zinazoea. Mfereji unaweza kutanuka hadi zaidi ya mara mbili ya upana wake wa kawaida, na mwenyewe akaendelea na shughuli zake.

Mfuko wa nyongo nao una ushahidi wake. Mwaka 1890 daktari mpasuaji wa Uswisi, Ludwig Courvoisier, aliandika kwamba mfereji ukizibwa na kijiwe, mfuko huwa mara chache umejaa, kwa sababu vijiwe vimeshauumiza siku nyingi na kuufanya mgumu. Ukizibwa na kitu kingine, mfuko ambao ulikuwa mzima hujaa kama puto, na wakati mwingine mkono huugusa chini ya mbavu za kulia. Waliokuja baadaye wakaiita sheria, ingawa yeye alieleza tu alichokiona, na hali zinazokwenda kinyume nayo zipo.

Tuchukue mfano wa kubuni, mwanamke wa miaka 63. Kwanza mkojo wake unakuwa kama chai ya rangi, kwa kuwa bilirubini iliyokosa njia ya utumbo inatafuta njia ya figo. Kinyesi kinapauka kama udongo wa mfinyanzi. Anawashwa mwili mzima, hasa usiku. Macho yanageuka mwishoni, kwa sababu jicho la mtu halioni umanjano mpaka bilirubini ipande zaidi ya mara mbili ya kiwango cha kawaida. Anaambiwa ni homa ya ini, lakini kipimo cha virusi hakioni kitu. Altrasaundi inaonyesha mfereji wa milimita 14, mfuko uliojaa, na hakuna kijiwe. Hapo ndipo CT skani ya kongosho inapoagizwa, na uvimbe wa sentimita 2.5 unaonekana kwenye kichwa. Swali linalofuata ni kama umeigusa mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani, maana hilo ndilo linaloamua kama anaweza kupasuliwa.

Nisiitilie chumvi ile "bila maumivu". Wagonjwa wengi wakiulizwa vizuri hukumbuka uzito fulani juu ya tumbo, au mgongo unaouma wakilala chali. Na manjano isiyouma si saratani kila mara: dawa fulani huileta, homa ya ini huileta, hata kijiwe kinaweza kukaa kimya.

Huyu mwanamke, ajabu ni kwamba ana afadhali. Uvimbe wake uliota karibu na kengele. Ungeota kwenye mkia wa kongosho, upande wa kushoto karibu na wengu, hakuna mfereji wa nyongo wa kuubana huko, na ungeweza kukua mara mbili ya huo bila dalili yoyote ya kumpeleka mtu hospitali. Manjano inatuambia uvimbe uko wapi. Haituambii una umri gani, na saratani hii inaweza kuwa imetuma mbegu kwenye ini hata ikiwa bado ndogo. Ndiyo maana ni mgonjwa mmoja tu hivi kati ya watano anayegunduliwa akiwa bado anafaa kupasuliwa.

Basi si tuwapime watu wote kabla ya dalili? Nami niliuliza hivyo, mpaka nilipofanya hesabu. Marekani hugunduliwa wagonjwa wapya 13 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Tuseme tuna kipimo kizuri kuliko vilivyopo: kinawanasa wote 13, na kinakosea kwa mtu mmoja tu kati ya 100 wazima. Kitawatisha bure watu 1,000 hivi ili kuwapata wale 13, na kila mmoja wao atahitaji skani, na baadhi yao sindano ya kuchukua nyama kutoka kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Kwa sababu hiyo jopo la Marekani linaloshauri kuhusu vipimo vya kinga lilirudia mwaka 2019 kwamba wasio na dalili wasipimwe. Wenye ugonjwa huu katika ukoo au jeni zinazojulikana kuuleta hufuatiliwa kivyao.

Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9 ambacho watu hukitumainia sana. Asilimia 5 hadi 10 ya watu hawawezi kabisa kutengeneza kitu kinachopimwa, kwa sababu ya aina ya damu yao, kwa hiyo kwao kitasema hapana hata uvimbe ukiwepo. Na kwa waliobaki, nyongo ikiziba tu, hata kwa kijiwe, kiwango chake hupanda. Yaani mtu akiwa manjano, wakati ambapo kila mmoja anataka jibu, ndipo namba hiyo haiaminiki, na madaktari huirudia baada ya kufungua mfereji kwa kijibomba na rangi kushuka.