Spesi haisogezi maandishi, inayaharibu

Nimeletewa tena bajeti ya Excel "inayokataa kujumlisha". Fomula haina tatizo. Kuna mtu amepanga maandishi kwa spesi.

"Spesi au kitufe cha Increase Indent, si yale yale tu?"

Si yale yale. Chini ya Usafiri kulikuwa na Mafuta, Nauli na Matengenezo, kila kimoja kimetanguliwa na spesi nne ili kionekane ni kipengele kidogo. Wewe unasoma Mafuta, lakini Excel inasoma kitu kingine, maana kwake spesi nayo ni herufi. Basi fomula hii:

```
=SUMIF(A:A,"Mafuta",C:C)
```

inaleta 0, bila onyo lolote. Afadhali VLOOKUP yenye FALSE mwishoni, ingelalamika kwa #N/A. Sifuri inapita kimya hadi kwenye ripoti ya bosi.

Ukiwa na shaka, andika `=LEN(A5)` pembeni. Mafuta ni herufi 6. Ukipata 10, spesi nne hizo hapo. Kwenye kolamu tupu weka `=TRIM(A5)`, iburute hadi chini, nakili matokeo, kisha yabandike juu ya yale ya zamani kwa Paste Special, Values. Sasa chagua vipengele vidogo na ubonyeze Increase Indent kwenye Home. Neno litasogea machoni tu; ndani ya seli limebaki Mafuta.

Ila tarakimu ziacheni. Nafasi ya kusogezea inakatwa kwenye upana wa kolamu, na kolamu ikiwa nyembamba namba zinageuka ####.

"Kuzungusha kichwa cha kolamu ni kupanga herufi moja chini ya nyingine."

Hiyo ni Vertical Text, na kwa kichwa kama Maarifa ya Jamii unapata mnara ambao mtu anausoma kwa kuendeleza herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Wapo wanaofanya hivyo kwa mkono, Alt+Enter baada ya kila herufi; hao wameharibu na jina lenyewe, halitafutiki tena. Ili kukizungusha kweli, chagua mstari wa vichwa, bonyeza Ctrl+1, nenda Alignment, andika 90 kwenye Degrees. Kwa alama za wanafunzi upana wa 4 au 5 unatosha. Bofya mara mbili mpaka wa chini wa mstari, kwenye namba yake kushoto, ili urefu ujipange. Kama umeunganisha seli kwa Merge, urefu haujipangi; ni sababu mojawapo ya mimi kuichukia Merge.

"Nyuzi 45 zinapendeza zaidi."

Zinasomeka kwa urahisi zaidi, nakubali. Lakini mistari ya mipaka nayo inalala, na kichwa cha mwisho kinachomoza nje ya jedwali. Kwa kolamu chache sina ugomvi. Kwa orodha ya mahudhurio ya siku 31, weka 90.