Bei ya "hadi mlangoni": kilichomo ndani yake na jinsi ya kuipanga

Ukipitia bidhaa za wauzaji wa Dar es Salaam mtandaoni, utakuta bei zimeandikwa kwa namna mbili. Mmoja anaandika "Sh29,500, delivari inategemea ulipo". Mwenzake, kwa seti ileile ya glasi, anaandika "Sh35,000 hadi mlangoni". Huyu wa pili ameweka bei jumuishi: ndani ya namba moja ameshaweka bidhaa, faida yake, vifungashio, usafiri na kamisheni ya jukwaa analouzia. Mteja akiona Sh35,000 basi ni Sh35,000. Boda akifika hakuna cha kuongeza.

Wapo wanaoandika "usafiri bure" wakimaanisha kitu hichohicho. Binafsi naona ni kujitafutia maswali. Mteja wa Ilala atauliza papo hapo: "Dada, kama usafiri ni bure, nikija kuchukua mwenyewe Kariakoo kwa nini nilipe sawa na wa Bunju?" Bora kuandika kwamba usafiri umo kwenye bei, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Tuichukue hiyo seti ya glasi sita tuone Sh35,000 imetoka wapi. Namba hizi ni za mfano, utaweka zako. Muuzaji ana stoo Kariakoo na seti moja anainunua kwa jumla Sh18,000. Glasi haitumwi ndani ya mfuko wa kawaida: kila moja inazungushiwa nailoni ya viputo, zinapangwa kwenye boksi gumu, nafasi zinazobaki zinajazwa karatasi zilizokunjwakunjwa, kisha boksi linafungwa kwa selotepu. Hapo vinakwenda Sh2,500. Usafiri kwa wastani ni Sh5,000; nitaeleza huo wastani unavyopatikana, maana ndiyo sehemu inayowatoa watu jasho. Faida anayotaka ni Sh6,000. Jumla ya fedha zinazotakiwa kumfikia mkononi ni Sh31,500.

Bado jukwaa. Tuseme linakata asilimia 10 ya kila mauzo. Wengi hapa huchukua Sh31,500, wanaongeza asilimia 10 yake, wanapata Sh34,650 na kuiweka. Lakini jukwaa halikati kwenye gharama zako, halizijui. Linakata kwenye bei aliyolipa mteja. Asilimia 10 ya Sh34,650 ni Sh3,465, kwa hiyo unabakiwa na Sh31,185. Umepungukiwa Sh315 na hujui zimeenda wapi.

Njia sahihi ni kugawanya. Kama jukwaa linachukua asilimia 10, wewe unabaki na asilimia 90 ya bei, hivyo unachukua kile unachotaka kibaki na kukigawa kwa 0.90. Sh31,500 ukigawa kwa 0.90 unapata Sh35,000 kamili. Jukwaa linakata Sh3,500, unabaki na Sh31,500 yako. Kama kuna ada isiyobadilika kwa kila oda, au makato ya kuhamisha fedha kutoka kwenye jukwaa kwenda kwenye simu, yaongeze kwenye gharama kabla ya kugawanya, si baada.

Sh315 inaweza kuonekana si kitu. Lakini pengo hilo linakua haraka kadiri kamisheni inavyopanda. Jukwaa likikata asilimia 20, anayeongeza badala ya kugawanya ataweka bei ya Sh37,800, atakatwa Sh7,560 na kubakiwa na Sh30,240. Hapo amepoteza Sh1,260 kwenye faida ya Sh6,000, yaani zaidi ya moja ya tano, kwa kosa la hesabu tu. Bei yake ilitakiwa iwe Sh39,375.

Ukiangalia vizuri utaona kwamba usafiri ukishaingia kwenye bei, nao unakatwa kamisheni. Ili Sh5,000 ya boda ibaki nzima baada ya makato ya asilimia 10, ndani ya bei lazima ikae kama Sh5,556 hivi. Kwa hiyo soma masharti ya jukwaa lako uone linakata kwenye nini. eBay na Etsy, kwa mfano, hukata asilimia yao kwenye jumla anayolipa mteja, usafiri ukiwamo, hata kama umeuandika kwenye mstari wake peke yake. Kwenye majukwaa ya namna hiyo kuutenganisha usafiri hakukuokolei kamisheni. Lakini kama jukwaa lako linakata kwenye bei ya bidhaa tu, kuuchanganya usafiri ndani ya bei kunakugharimu hiyo Sh556 kwa kila seti, na ni juu yako kuamua kama oda zitakazoongezeka zinailipa.

Sasa turudi kwenye ule wastani. Kutoka Kariakoo, boda wa kwenda Magomeni au Ilala tumpe Sh3,000. Sinza, Mwenge au Tabata, Sh5,000. Bunju, Chamazi au Kigamboni, Sh9,000; Kigamboni hata avuke kwa pantoni au apite Daraja la Nyerere, kote kuna cha kulipia. Muuzaji wetu aliangalia oda zake kumi za nyuma: nne zilikuwa za karibu, nne za kati, mbili za mbali. Jumla ya nauli za boda ilikuwa Sh12,000, Sh20,000 na Sh18,000, yaani Sh50,000. Gawa kwa kumi, ni Sh5,000. Ni kama nauli ya daladala: anayeshukia kituo cha tatu analipa sawa na anayekwenda mwisho wa ruti, na gari linajiendesha kwa sababu wote wawili wamo.

Tatizo ni kwamba wateja hawakai palepale. Mtu wa Ilala akiona Sh35,000 anajua anaweza kushuka Kariakoo kwa miguu akanunua mwenyewe. Mtu wa Bunju akiona bei hiyohiyo anapiga hesabu ya nauli, foleni na nusu siku itakayopotea, anaona amepata. Kwa hiyo bei moja kwa jiji zima inawavuta wa mbali na kuwafukuza wa karibu, na hiyo ndiyo inayokuja kuuharibu wastani uliouanzia. Baada ya miezi michache oda kumi zinaweza kuwa mbili za karibu, nne za kati na nne za mbali. Nauli sasa ni Sh6,000, Sh20,000 na Sh36,000. Jumla Sh62,000, wastani Sh6,200. Bei haijabadilika, kamisheni haijabadilika, mauzo pengine yamepanda, lakini faida kwa kila seti imeshuka kutoka Sh6,000 hadi Sh4,800.

Hili huligundui kwa kuangalia mauzo, kwa sababu mauzo yanapendeza. Unaligundua kwa kuandika kwenye daftari, kila oda, eneo ilikokwenda na kiasi ulichomlipa boda, kisha mwisho wa mwezi unagawa jumla ya nauli kwa idadi ya oda. Wastani ukizidi ule uliouweka kwenye bei, una njia mbili. Moja ni kupandisha bei, lakini hapo unazidi kuwafukuza wa karibu, na mwezi ujao wastani unapanda tena. Mimi ningechukua ya pili: kuweka mpaka. Bei jumuishi iwe ya maeneo ya karibu na ya kati, na nje ya hapo uandike nyongeza inayojulikana, tuseme Sh4,000 kwa Bunju, Chamazi na Kigamboni. Mteja wa mbali bado anajua namba yake kabla hajaagiza, na wa Ilala hambebi mtu.

Mikoani usijaribu kabisa kuingiza kwenye bei moja na Dar. Mzigo wa kwenda Mwanza au Mbeya unapitia kwa boda hadi stendi au ofisi ya basi, kisha nauli ya mzigo yenyewe, na mteja anaufuata stendi ya kwake. Hapo hata neno "mlangoni" halina ukweli. Na boksi lazima liwe gumu zaidi kwa sababu litawekewa mizigo mingine juu. Weka bei ya bidhaa pamoja na kufungasha na kufikisha kwenye basi, nauli ya basi iandikwe peke yake.

Kuna mteja mwingine anayeifanya bei jumuishi ionekane kubwa kuliko inavyostahili: yule anayetaka seti mbili. Ukimwambia Sh70,000 umemlipisha boda mara mbili, wakati boda anakwenda safari moja. Anayejua kuhesabu ataliona hilo upesi. Hesabu ya seti mbili ni hii: glasi Sh36,000, vifungashio Sh5,000, boda Sh6,000 kwa sababu boksi limekuwa kubwa, faida Sh12,000. Jumla ni Sh59,000. Gawa kwa 0.90, ni Sh65,556. Weka Sh66,000 kama bidhaa yake peke yake, "seti mbili". Mteja ameokoa Sh4,000 na faida yako haijaguswa.

Jambo la mwisho la kuliandika kabla ya kuuza ni marejesho. Kwenye bei ya namba moja, mteja akirudisha mzigo anatarajia namba hiyohiyo irudi yote, kwa sababu hakuona popote nauli ya boda. Kama glasi zimefika zimevunjika, mrudishie zote na usibishane; ulikubali kuzifikisha nzima. Lakini kama amebadilisha mawazo tu, boda alishakwenda na atarudi, na Sh10,000 imeshatoka mfukoni mwako. Angalia kwanza masharti ya jukwaa yanasemaje, kwa maana mengine yana utaratibu wao wa marejesho na huwezi kuyapinga. Yakikuruhusu, sema mapema. Kwa seti yetu, maelezo yanaweza kukaa hivi chini ya picha:

"Seti ya glasi 6, Sh35,000. Bei ni pamoja na kufungashwa na kuletewa hadi mlangoni: Ilala, Magomeni, Sinza, Mwenge, Tabata na maeneo ya jirani. Bunju, Chamazi na Kigamboni ongeza Sh4,000. Ikifika imevunjika unarudishiwa fedha zote. Ukiirudisha kwa sababu nyingine, Sh10,000 ya boda kwenda na kurudi inakatwa."